Skridi ya slopu kwenye rufu ya slebu: hesabu yote inaanzia kwa tundu la maji (mfano wa nyumba ya Roysambu)

Mimi ni mtu wa mjengo, nimefanya foremani hapa Nairobi miaka mingi, na kama kuna kazi moja inaniuma roho nikiiona imefanywa vibaya ni skridi ya rufu, ile safu ya mchanga na simiti inayolazwa juu ya slebu, manake ikikosewa haurekebishi na rangi, unavunja. Mvua ya Aprili inanyesha, maji yanasimama pale katikati kama kidimbwi, landlodi anaita mtu wa wotapruufu, anawekewa lami ya kuchoma kwa gesi juu ya kidimbwi, mwaka ukiisha dari ya tenanti wa juu imeanza madoa ya chai. Lami haikuwa na shida. Slopu ndio haikuwepo.

Nitawaeleza kwa mfano mmoja, rufu ya shangazi yangu pale Roysambu, mita 8 kwa 6, slebu ya milimita 150, parapeti pande zote, tundu moja la maji kwenye kona ya nyuma. Mafundi waliokuwa pale walikuwa wamemwambia, "Mama, hii tutaislopisha na macho tu, ni kazi ya siku mbili." Akanipigia simu. Nikamwambia shangazi, wasichanganye hata karai moja kabla sijafika na paipu ya leveli.

Tuanze na slopu yenyewe. Chini ya 1:80, yaani milimita 1 kwa kila 80, maji hayatembei vizuri, yanalala. Lakini ukipanga 1:80 kwenye karatasi hautaipata kwa rufu, manake mkono wa fundi huwa unapotea kidogo na slebu yenyewe imelegea katikati. Ndio maana kitabu cha Waingereza cha rufu tambarare, BS 6229, kinasema upange 1:40 ndio ukimaliza kila mahali pasipungue 1:80. Mimi nikiwa nimepima slebu yote leveli kwa leveli, napanga 1:60, kwa sababu ile sehemu ya kubahatisha nimeshaitoa. Kama haujapima, usiguse 1:60, panga 1:40 na ukubali uzito wake.

Sasa uzito ndio watu wanasahau. Skridi ya mchanga na simiti ina uzito wa karibu kilo 2,100 kwa kubiki mita, kwa hivyo kila milimita 10 inaongeza kilo 21 kwa skwea mita. Angalia rufu ya shangazi na lile tundu moja la kona. Kona ya mbali iko ulalo, mita 8 na mita 6 inakupa mita 10 kamili. Gawa kwa 60, unapata milimita 167. Ongeza milimita 25 za chini kabisa pale kwa tundu, manake skridi ya kushikana na slebu ikiwa nyembamba kuliko hapo inabanduka, na kona ile inafika milimita 192. Hiyo ni kilo 400 kwa skwea mita, na slebu yenyewe ya milimita 150 haifiki kilo 380! Yaani unaweka slebu ya pili juu ya ya kwanza. Nikapiga jumla ya rufu nzima, wastani wa unene ni kama milimita 115, tani 11 na nusu za skridi. Mainjinia wengi huachia finishing kilo 100 hadi 150 kwa skwea mita, si zaidi.

Kwa hivyo dawa si kupunguza slopu. Ni kupunguza umbali ambao maji yanatembea. Tulihamisha matundu, tukatoboa parapeti katikati ya upande mfupi huku na katikati ya upande mfupi kule, paipu ya milimita 100 ikishuka nje ya ukuta pande zote mbili. Kila tundu sasa linahudumia nusu ya rufu, mita 4 kwa 6, na sehemu ya mbali zaidi iko mita 4 mbele na mita 3 kando, ulalo wake ni mita 5. Mita 5 gawa kwa 60 ni milimita 83, ongeza 25, unapata 108 badala ya 192. Wastani ukashuka hadi milimita 70 na skridi yote ikawa tani 7. Tani 4 na nusu zimetoka kwa sababu ya matundu mawili ya ukuta! Na bado nilimwomba shangazi alete injinia aangalie namba zile, akaja, akaangalia unene wa slebu na bimu, akakubali. Usiruke hapo kama ni nyumba ya zamani ama kuna mtu aliwahi kuweka skridi nyingine chini. Hiyo ya zamani itoe kwanza.

Faida ingine ya matundu mawili, moja likizibwa na karatasi za nailoni ama majani, lile lingine linabeba kiasi. Lakini kwa vile kuna kigongo katikati, pale slopu mbili zinakutana, maji lazima yapande kigongo kwanza, kwa hivyo tuliweka pia paipu ndogo ya kumwaga nje kando ya kila tundu, juu kidogo ya finishi. Ukiona ile paipu inamwaga maji ukiwa barabarani, unajua tundu limeziba, unapanda kulisafisha. Tundu la zamani la kona tulilijaza zege.

Haya, kupima. Chukua paipu ya maji inayoonyesha ndani, ijaze maji mpaka mapovu yote yatoke (povu moja likibaki leveli inakudanganya), kisha hamisha leveli moja kuzunguka parapeti yote na upige laini ya choko. Laini hiyo ndio mfalme, hakuna kipimo kinachotoka kwa sakafu, vyote vinatoka kwa laini. Funga uzi kutoka laini ya upande huu mpaka ya upande ule, uvute mpaka ukaze, alafu pima kushuka mpaka kwa slebu kila baada ya mita 2, na ukiwa karibu na tundu pima kila nusu mita. Namba ikiwa kubwa slebu iko chini, ikiwa ndogo slebu imevimba. Ziandike kwa simiti hapo hapo na penseli ya seremala, juu karatasi hupeperuka na fundi hupoteza.

Kwa shangazi, slebu kwa matundu yote mawili ilikuwa milimita 500 chini ya laini. Katikati ya rufu ilikuwa 512, slebu imelegea milimita 12, kitu cha kawaida. Lakini nusu mita tu kutoka kwa tundu la upande wa barabara nikasoma 484. Uvimbe! Siku ya kumwaga slebu huenda walimaliza hapo na wilibaro ya mwisho wakaisambaza tu. Sasa sikiza kwa nini uvimbe huo ni muhimu kuliko ile milimita 12 ya katikati. Finishi kwa tundu ni 475 chini ya laini, yaani 500 toa 25. Nusu mita mbele finishi inapanda milimita 8, inakuwa 467. Slebu iko 484. Unene hapo ni milimita 17 tu, na hapo ndio ingebanduka ya kwanza. Watu wengi wanadhani sehemu nyembamba lazima iwe kwa tundu, kumbe inaweza kuwa popote slebu imevimba.

Una njia mbili. Ama unainua rufu yote milimita 8, ama unachonga uvimbe. Kuinua milimita 8 kwa skwea mita 48 ni kilo 800 za bure. Tulichonga na patasi na nyundo, masaa mawili ya mtu mmoja. Chonga polepole na ukiona chuma simama, hapo itabidi uinue.

Baada ya hapo jedwali ni rahisi. Kutoka kwa tundu, kila mita moja finishi inapanda karibu milimita 17. Kwa hivyo chini ya laini inakuwa 475 kwa tundu, 458 ukifika mita 1, 442 mita 2, 425 mita 3, 408 mita 4 na 392 mita 5. Katikati ya rufu iko mita 4 kutoka kila tundu, finishi 408 na slebu 512, unene 104. Sehemu ya juu kabisa ni pale kigongo kinagusa parapeti za upande mrefu.

Kuandaa slebu nitaenda haraka lakini usidharau. Chuna uso wote wa slebu mpaka uone kokoto, yale maziwa ya simiti ya juu hayashiki kitu. Fagia, osha, lowesha usiku kucha, asubuhi ondoa maji yaliyosimama. Skridi inayobanduka karibu kila mara inabandukia kwa vumbi.

Sasa vidonge vya leveli. Weka kibonge cha mota na kipande cha tailsi juu, ukikigonga taratibu mpaka umbali kutoka uzi wa laini uwe namba ya jedwali. Tulivipanga kama miale ya jua kutoka kwa tundu, mstari mmoja kwenda kona, mwingine kwenda mwisho wa kigongo, mwingine katikati ya rufu, kidonge kila baada ya mita 1 na nusu hivi. Kati ya vidonge vya mstari mmoja unajaza mota, unaikata na rula ya aluminiamu, unapata reli. Kati ya reli na reli unajaza skridi na rula inakaa juu ya reli zote mbili.

Kuna kitu kidogo ninachotumia kila mara na kimeniokoa sana. Chukua rula ya mita 2, upande mmoja wa chini ugonge kipande cha mbao cha milimita 33. Mita 2 gawa kwa 60 ni 33. Ukiweka rula kwa skridi ule upande wenye mbao ukielekea tunduni, pimamaji iliyo juu ikisoma katikati slopu iko sawa. Povu likikimbilia upande wa mbao umezidisha mlalo hapo, mbao ndio iko juu, slopu haijatosha. Fundi yeyote anaelewa hii kwa dakika moja, hauhitaji kumweleza hesabu, na mtu wa mkono anaweza kushika rula hiyo akawa anafuata nyuma akikagua.

Mchanganyiko: palipo unene chini ya milimita 50 tulitumia simiti 1 kwa mchanga 4. Palipozidi hapo, skridi ya mchanga peke yake inasinyaa na kupasuka, kwa hivyo tulijaza chini na zege ya kokoto ndogo za milimita 10, simiti 1, mchanga 1 na nusu, kokoto 3, tukaishindilia mpaka ikabaki milimita 25 kufika finishi, na ile ya 1 kwa 4 ikawekwa juu papo hapo kabla ya chini kushika. Ukiacha mpaka kesho umetengeneza safu mbili ambazo hazijuani. Pima na sanduku, si spedi. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hivyo sanduku la ndani sentimita 30 kwa 30 kwa urefu wa 39 ni mfuko mmoja. Mchanga uwe wa mto ulio safi. Chukua chupa ya plastiki, nusu mchanga nusu maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu, na kama tope lililolala juu ya mchanga limefika sehemu moja kwa kumi rudisha lori. Kwa skwea mita zetu 48 tulitumia mifuko kama 30.

Maji ndio mafundi wanakosea zaidi, juu skridi laini ni rahisi kuvuta. Chota ukiminya ngumini: ukifungua mkono bonge libaki zima na vidole viwe na unyevu tu, maji yakichuruzika kati ya vidole umezidisha. Skridi ya maji mengi kwenye slopu inashuka yenyewe usiku, asubuhi unakuta kigongo kimeshuka na tundu limevimba, na reli zako zote zilikuwa sawa!

Kabla ya kumwaga, paka uji wa simiti na brashi kwa slebu, mzito kama rangi ya ukuta, eneo lile tu utakalofunika ndani ya dakika 20. Ukikauka ukawa mweupe, ukwangue upake mwingine, manake uji uliokauka ni vumbi jipya. Mwaga, shindilia, kata na rula, maliza na mwiko wa mbao. Usinyunyize simiti kavu juu ili ing'ae, hiyo ngozi hupasuka. Tulifanya nusu ya rufu kwa siku, kiungo kikiwa juu ya kigongo ambapo maji hayapiti.

Pale kwa tundu penyewe kuna kosa ambalo hata wazoefu hufanya. Lami ya kuchoma ina unene wa milimita 4 hivi, na kwa tundu inapishana mara mbili ama tatu. Ukimaliza skridi sawasawa na mdomo wa paipu, ile mipishano inatengeneza kizuizi, maji yanazunguka tundu kama duara na hayaingii. Kwa hivyo tengeneza kimraba cha nusu mita kwa nusu mita mbele ya tundu kilicho chini ya skridi milimita 10, na kwa vile hapo unene unabaki 15, usitumie skridi ya kawaida, tumia mota ya kurekebisha zege yenye polima inayokubali wembamba huo. Kwenye parapeti zote zungusha kona ya mota ya mshazari, milimita 50 kwa 50, lami isipinde kwa pembe kali.

Funika na nailoni jioni hiyo hiyo na uweke unyevu siku 7. Shangazi alitaka kurudisha kamba za nguo siku ya tatu, nikamsihi, "Shangazi, ngoja wiki tu, tenanti wataanika chini." Alikubali. Jua la Februari hapa Nairobi linaweza kukausha skridi kwa saa chache na ikajaa nyufa kama matope ya bwawa.

Balkoni ni hesabu ile ile lakini adui ni mlango. Balkoni ya kina cha mita 1 na nusu kwa 1:60 inapanda milimita 25, ongeza 25 ya chini, ongeza 15 ya tailsi na gundi, umefika 65 mlangoni, na kizingiti kinafaa kibaki angalau milimita 75 juu ya tailsi ndio mvua ya upepo isiingie sebuleni. Flati nyingi slebu ya balkoni na ya sebule ziko leveli moja, kwa hivyo nafasi hiyo haipo, na hapo usiibe kwa skridi ukaiacha milimita 10. Fanya maji yatoke mbele moja kwa moja, si kwa urefu wa balkoni kuelekea kona, kisha uinue kizingiti cha zege mlangoni. Kama nyumba bado inajengwa, mwambie mtu wa fomuwaki ashushe slebu ya balkoni milimita 100, haigharimu karibu chochote siku hiyo.

Siku ya nane jaribu. Kwanza gonga rufu yote na nyundo ndogo ama buruta mnyororo, palipobanduka panalia kama sufuria tupu. Kisha mwaga ndoo kadhaa juu ya kigongo, subiri saa moja. Kumbuka kwa 1:60 ndani ya sentimita 30 mteremko ni milimita 5 tu, kwa hivyo shimo la upana wa sahani lenye kina zaidi ya hapo lazima lishike maji. Rufu yetu ilishika maji sehemu mbili. Usipake simiti nyembamba juu, itatoka kama ganda la yai. Kata mraba wenye kingo wima mpaka kwa slebu, paka uji, jaza upya, pima na rula yenye mbao.

Alafu subiri ikauke kabla ya kuchoma lami, unyevu ukifungiwa chini hugeuka mvuke na lami inavimba malengelenge. Kadiria siku moja kwa kila milimita moja hadi milimita 50, na polepole zaidi baada ya hapo, ndio maana kazi hii naipanga Januari ama Julai nikiwa na miezi mbele kabla ya mvua ya Machi ama ya Oktoba. Bandika kipande cha nailoni cha mita moja na teepu pande zote, kwenye sehemu nene, kigongoni. Kesho yake ukikibandua ukute matone chini ama skridi imekuwa nyeusi, bado. Kwa shangazi tulibandika mara nne, ya nne ikatoka kavu, tukaita mtu wa lami.